Foleni Mbele ya Benki: Uvumi, Kasiki na Bima ya Amana

Amana iliyoko benki ni deni. Mteja akiweka shilingi milioni moja, noti zile huacha kuwa zake. Anachobaki nacho ni ahadi ya benki kwamba itamlipa kiasi hicho siku atakapokitaka. Benki nayo huchukua sehemu kubwa ya fedha hizo ikaikopesha kwa watu watakaoirudisha kidogo kidogo kwa miaka miwili, mitano au zaidi. Kwa hiyo benki inadaiwa leo, lakini yenyewe inadai ya baadaye, na biashara yake yote imesimama katikati ya nyakati hizo mbili. Husimama kwa miaka mingi bila taabu, kwa kuwa wateja hawaji kuchukua fedha zao wote siku moja. Uvumi ndio unaoweza kuwaleta wote siku moja.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi likifuatwa dirishani, pale karani anapokutana na mteja. Tuchukue benki ndogo ya kufikirika yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Morogoro. Wateja wake wote pamoja wameweka shilingi bilioni 100, na wenye hisa wametia mtaji wa bilioni 15. Jumla ni bilioni 115, na zimegawanywa hivi: bilioni 6 zipo Benki Kuu ya Tanzania kama akiba ya lazima, kwa kuwa Benki Kuu huzitaka benki ziweke kwake asilimia 6 ya amana za wateja, bilioni 5 ni noti zilizo kwenye makasiki na mashine za kutolea fedha, bilioni 20 ni dhamana za serikali na amana katika benki nyingine, vitu vinavyoweza kugeuzwa fedha taslimu kwa siku chache, bilioni 75 ni mikopo, na bilioni 9 zimelala kwenye majengo na vifaa. Kwa kanuni za Tanzania, mali inayogeuka fedha haraka haipaswi kushuka chini ya asilimia 20 ya madeni yanayoweza kudaiwa wakati wowote. Benki hii imepita kipimo hicho, kwa hiyo haina kosa lolote.

Tawi la Morogoro lina amana za bilioni 8, lakini asubuhi ya kawaida kasiki yake huwa na milioni 300 tu. Si uzembe. Kwa siku tawi hulipa milioni 120 hivi na kupokea milioni 100, hivyo akiba hiyo inatosha siku nyingi. Noti nyingi zaidi zingekuwa mzigo: hazizai riba, zinahitaji ulinzi, na bima ya kasiki hupanda kadiri kilichomo kinavyoongezeka.

Jumatano moja mtandao wa benki unakatika, na mashine ya nje inaandika kwamba haitoi huduma. Mtu anaipiga picha. Jioni picha ile inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno kwamba benki imefilisika na serikali italifunga tawi kesho. Alhamisi saa 2 asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, foleni imefika barabarani.

Waliopanga foleni si wajinga. Mama mmoja muuza mchele hakuamini ujumbe ule. Anachoogopa ni kwamba wenzake wameuamini. Akikaa nyumbani nao wakaja, huenda akakuta kasiki tupu; akija na uvumi ukawa uongo, amepoteza asubuhi moja tu. Kwa hesabu hiyo kila mwenye akili anatoka nyumbani. Wachumi wa Marekani Douglas Diamond na Philip Dybvig walilieleza jambo hili kwa hisabati mwaka 1983, na mwaka 2022 walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Ben Bernanke. Walionyesha kwamba hata benki nzima isiyo na ugonjwa wowote inaweza kuangushwa na hofu peke yake, kwa kuwa hofu hiyo huleta lile lile linaloogopwa.

Inavyoanguka ni rahisi kufuata kwa hesabu ya benki yetu. Wateja wa matawi yote wakidai bilioni 5, makasiki yanaisha. Wakidai 20 nyingine, benki inauza dhamana za serikali na kuita amana zake kutoka benki nyingine. Baada ya hapo kinachobaki ni mikopo. Mwenye mashine ya kukoboa aliyekopa kwa mkataba wa miaka mitano hawezi kuamriwa alipe kufikia Ijumaa, na hata akiamriwa hana, kwa sababu fedha zimekwisha kuwa mashine. Benki italazimika kuwauzia wengine mikopo yake, na mnunuzi anayejua kwamba muuzaji amebanwa hatoi bei kamili. Ikiuza mikopo yote ya bilioni 75 kwa punguzo la asilimia 20, inapoteza bilioni 15, yaani mtaji wake wote. Benki iliyokuwa hai asubuhi imekufa jioni, na hakuna mkopaji hata mmoja aliyekataa kulipa.

Karani wa dirisha namba 2 hana mamlaka juu ya mambo hayo yote. Alicho nacho ni droo, mashine ya kuhesabia noti na mdomo wake. Lakini siku kama hiyo watu humsoma yeye kabla ya kusoma tangazo lolote. Akinong'onezana na mwenzake, foleni inaona. Akihesabu polepole kuliko jana, foleni inaona. Agizo la kwanza la meneja wa tawi kwa makarani wake kwa hiyo ni kulipa, kwa mwendo wa kila siku, kila hati iliyo sahihi. Agizo la pili ni kutoweka kiwango cha juu cha kutoa. Kikomo kikishatangazwa, hata aliyekuja kuweka anageuka kuwa mtoaji.

Mama muuza mchele anafika dirishani na hati ya shilingi milioni 31.

"Nipe zote, mwanangu. Nasikia mnafunga."

"Mama, hatufungi. Jana mtandao ulikatika tangu saa 9, ndiyo maana mashine ya nje haikutoa. Zako nitakulipa. Ila angalia hapa: milioni 20 kati ya hizi uliziweka kwa muda maalumu, na zinaiva mwezi ujao. Nikizivunja leo riba yake inapotea. Zilizo kwenye akiba, milioni 11, nakupa sasa hivi ukitaka."

"Kwani zipo? Si mmewakopesha watu?"

Swali hili ndilo linalomtofautisha karani mzuri na karani mwoga. Mwoga hujibu kwamba fedha zote zipo, na huo ni uongo ambao mteja ataugundua akiuliza mara ya pili. Karani huyu anajibu kama ilivyo: "Nyingi tumekopesha, mama. Ndiyo riba yako inatoka huko. Nyingine ziko Benki Kuu, nyingine ziko kwenye dhamana za serikali, nyingine ziko kasikini hapa. Hapa hazikai za wote, kwa sababu siku zote hamji wote. Leo mmekuja wengi, tumeagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, zinafika mchana."

Jibu hilo lina faida moja ambayo maneno matamu hayana: linaweza kuthibitishwa. Mchana gari litafika au halitafika. Saa 3 na nusu meneja alikuwa ameagiza milioni 800, na safari kutoka Dar es Salaam ni ya kilomita 200 hivi. Gari la fedha linaingia saa 8 na nusu mchana na askari wenye silaha, wakati kasiki imebakiwa na milioni 20 tu. Masanduku yanapitishwa mlango wa mbele, mbele ya foleni, ingawa siku nyingine hupitia nyuma. Meneja anaandika kwenye karatasi mlangoni kwamba tawi halitafungwa saa 10 jioni bali litahudumia mpaka mteja wa mwisho. Jioni ile hesabu inasoma milioni 410 zilizolipwa. Kwa tawi lile ni siku nzito kuliko zote, lakini kwa benki nzima ni chini ya nusu ya asilimia moja ya amana.

Kuonyesha noti hadharani si mbinu ya kubuniwa. Desemba 1973, katika mkoa wa Aichi nchini Japani, wanafunzi wa kike wa sekondari walikuwa wakitaniana kwenye treni. Mmoja wao alikuwa amepata kazi katika benki ya akiba ya Toyokawa, na wenzake wakamwambia kazi ya benki ni ya hatari, wakifikiria majambazi. Yule msichana akawauliza jamaa zake nyumbani kama benki ile ni ya hatari, na swali likatoka kwa mtu mmoja hadi mwingine likiongezewa kila lilipofika. Katika siku chache liligeuka kuwa habari kwamba benki inafilisika, na watu wakachukua zaidi ya yeni bilioni moja. Watumishi walipojaribu kueleza, maelezo yao yenyewe yakazaa uvumi mpya: mfanyakazi ameiba fedha, mkuu wa benki amejiua. Ilibidi mkuu huyo ajitokeze mwenyewe ili aonekane yu hai. Benki Kuu ya Japani ikatoa tamko na kupeleka fedha, na mabunda ya noti yakapangwa mahali wateja wangeyaona. Polisi walifuatilia maneno nyumba kwa nyumba mpaka wakayafikisha kwenye behewa la treni. Benki haikuwa na tatizo lolote, na haikuanguka.

Kuna hofu ambayo noti zilizopangwa haziwezi kuitibu, nayo ni hofu ya siku ya kufungwa kwenyewe. Bima ya amana iliundwa kwa ajili yake. Saa 5 dirisha namba 2 linafikiwa na mzee mstaafu mwenye shilingi milioni 5 na laki 2, mafao ambayo hana njia ya kuyapata tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe binti umemwambia yule mama benki haifungi. Wewe ni nani hata ujue?"

"Kweli mzee, mimi si mwenye benki. Basi tuseme imefungwa leo. Zako milioni 5 na laki 2 zina bima. Bodi ya Bima ya Amana inalipa mpaka milioni 7 na nusu kwa kila mteja. Wewe uko chini ya hapo, kwa hiyo hupotezi hata shilingi."

"Na hiyo bima nimeilipa lini?"

"Hulipi wewe. Inalipa benki."

Kila alichosema karani kina sheria nyuma yake. Bodi ya Bima ya Amana ni chombo cha umma, na benki yoyote yenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania hulazimika kuwa mwanachama wake. Kila benki hutoa mchango wa kila mwaka wa asilimia 0.15 ya wastani wa amana zake, sawa na shilingi 1,500 kwa kila milioni, na fedha hizo huwekezwa zaidi kwenye dhamana za serikali zikisubiri siku ya kuhitajika. Kikomo cha malipo kilikuwa shilingi milioni 1 na nusu kwa miaka mingi, kikapandishwa hadi milioni 7 na nusu mwaka 2023. Nchini Kenya shirika la bima ya amana hulipa mpaka shilingi 500,000 za Kenya tangu Julai 2020. Kabla ya hapo lilikuwa likilipa 100,000. Akiba ya SACCOS na ya VICOBA haimo katika bima hii ya benki, jambo ambalo wengi huligundua wakati wamekwisha kuchelewa.

Kikomo huhesabiwa kwa mtu na kwa benki, si kwa akaunti. Mwenye akaunti tatu katika benki moja hujumlishiwa zote kabla ya kupimwa. Ndiyo maana jibu la mama muuza mchele ni tofauti na la mzee. Kati ya milioni 31 zake, milioni 7 na nusu ndizo zenye uhakika wa bima. 23 na nusu zinategemea mali ya benki itauzwa kwa kiasi gani. Karani akimwambia kwamba ana bima na kunyamaza hapo, anamdanganya kwa kuacha nusu ya maneno. Bima humtuliza mwenye kidogo, na imewekwa hivyo makusudi: ndio walio wengi foleni, na ndio wasio na uwezo wa kuchunguza hesabu za benki. Mwenye nyingi anaachiwa sababu ya kuangalia anaweka wapi.

Benki ikifungwa kweli, mambo huenda kwa utaratibu huu. Benki Kuu hufuta leseni na kuteua mfilisi, ambaye Tanzania mara nyingi huwa ni Bodi yenyewe. Milango hufungwa, hesabu za kila mteja huhakikiwa, kisha hutangazwa mahali na siku ya kulipwa, na mteja huenda na kitambulisho na ushahidi wa akaunti yake. Hii si ya siku mbili; uhakiki una kazi zake, na wakati huo fedha hazishikiki. Kilichozidi kikomo hugeuka kuwa dai kwa mfilisi, naye hulipa kwa awamu kadiri anavyouza majengo na kukusanya mikopo. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, benki ya wananchi ya Njombe, ya Meru, na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Wateja wao walilipwa bima kwa kikomo cha wakati ule cha milioni 1 na nusu.

Hapo kati, kabla ya kufungwa, kuna msaada mwingine. Benki yenye mali nzuri lakini iliyoishiwa noti inaweza kukopa Benki Kuu kwa kuweka rehani dhamana zake za serikali. Kwa njia hiyo haiuzi mikopo yake kwa bei ya kutupa. Mkopo huo unamfaa aliyekosa fedha kwa muda, haumfai aliyekwisha kula mtaji wake, na tofauti hiyo haionekani ukiwa foleni.

Kisa cha Chase Bank ya Kenya kinaonyesha ugumu huo. Aprili 2016 benki hiyo ilitoa hesabu zilizorekebishwa zilizoonyesha kwamba mikopo kwa watu wa ndani ya benki yenyewe ilikuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa awali, na wakuu wawili wakaachia nafasi zao. Ujumbe wa kuonya ukaenea kwenye mitandao ya kijamii, wateja wakakimbilia kutoa, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ya Kenya ikaiweka chini ya usimamizi wa shirika la bima ya amana. Gavana Patrick Njoroge alitaja habari zisizo sahihi za mitandaoni kuwa sehemu ya kilichoikausha fedha. Matawi yalifunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa KCB, wateja wakiruhusiwa kutoa mpaka shilingi milioni moja za Kenya. Mwaka 2018 robo tatu ya amana zilizokuwa zimezuiwa zilihamia SBM Bank, na robo iliyobaki ikabaki kwenye benki iliyokwisha. Uvumi pale ulikuwa umetiwa chumvi, lakini haukutoka hewani. Karani wa tawi lake angeweza kusema neno kwa neno aliyosema yule wa Morogoro, kwa moyo safi kabisa, na angekuwa amekosea, kwa sababu vitabu alivyokuwa akiviamini yeye mwenyewe havikuwa vya kweli.

Mteja ana mahali pa kuangalia kabla ya uvumi kuja. Benki za Tanzania na za Kenya hutakiwa kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka, na karatasi yake hubandikwa ukutani tawini, mara nyingi karibu na meza ya kuandikia hati. Mstari wa mtaji huonyesha hasara kiasi gani benki inaweza kuibeba kabla haijagusa amana. Mstari wa mikopo chechefu, yaani ile ambayo malipo yake yamesimama kwa siku 90 au zaidi, huonyesha hasara hiyo inakuja kwa kasi gani. Benki Kuu ya Tanzania hutaka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Mstari mmoja ukisomwa peke yake hausemi mengi. Robo nne zikiwekwa sambamba, mtaji ukishuka huku mikopo chechefu ikipanda, na hesabu za robo ya mwisho zikichelewa kutoka, hizo ni dalili ambazo wakaguzi nao huanza nazo. Mashine isiyotoa fedha Jumatano mchana si mojawapo.